Kugeuza taarifa ya kampuni kuwa makala ya blogu

Taarifa kwa vyombo vya habari huanza na kampuni yenyewe, ilhali jambo linalomgusa msomaji mara nyingi limejificha katika aya ya tatu au ya nne. Kwa hiyo, kabla ya kuandika makala ya blogu, tafuta sentensi inayoonyesha kitu ambacho mteja ataanza au ataacha kufanya. Tuseme taarifa inatangaza "ushirikiano wa kimkakati" na benki, na chini kabisa inataja kwamba malipo yatawafikia wauzaji siku hiyohiyo badala ya baada ya siku 3. Makala ianzie hapo: "Ukiuza asubuhi, fedha zako zitaingia jioni." Lakini kwanza muulize msimamizi wa huduma yale ambayo taarifa imeyanyamazia, yaani saa ya mwisho ya kupokea miamala, hali ya siku za mapumziko, ada, na kama muuzaji atalazimika kubadili mipangilio ya akaunti yake, kwa kuwa ahadi isiyotaja mipaka hiyo huzaa malalamiko. Nukuu ya mkurugenzi ibaki tu ikiwa ina habari mpya. Jina la benki linaweza kusubiri aya ya pili.