Nyonga ya mtoto Ujerumani: pembe ikipanda usishangilie kwanza

Ukijifungulia Ujerumani, mtoto wako atapigwa ultrasaundi ya nyonga hata kama anarusha miguu vizuri na hana dalili yoyote. Inafanyika kwenye ukaguzi unaoitwa U3, wiki ya nne au ya tano, na ukichelewa wanakupokea hadi wiki ya nane. Kama alitanguliza matako, au ndugu wa karibu aliwahi kuwa na tatizo la nyonga, omba kipimo kifanyike mapema kwenye U2, siku chache baada ya kuzaliwa. Bima inalipa. Mtoto analazwa ubavu kwenye kibanda kidogo chenye sponji, anapakwa jeli, analia, kimekwisha.

Utaratibu ndio huo tu. Niliyokaa kuandika ni mtego unaokuja baada ya hapo, kwa sababu ulitunasa sisi na nimeona umewanasa wengine wawili kutoka kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Matokeo yanaandikwa kwenye kile kijitabu cha njano cha ukaguzi wa mtoto: kila nyonga ina namba mbili, alfa na beta, na mbele yake aina, kwa mfano Ia au IIa. Usiondoke kwenye chumba kabla hujaelewa namba hizo zinapimwaje, maana hakuna atakayekuketisha chini akueleze. Wajerumani wana heshima yao, lakini wanaamini kwamba mtu asiyeuliza ameelewa. Sisi tumelelewa kutomsumbua daktari. Ukikutanisha tabia hizo mbili katika chumba kimoja, anayeumia ni mtoto.

Njia hii ya kupima ni ya daktari wa mifupa wa Austria, Reinhard Graf, aliyeitangaza mwaka 1980. Austria waliifanya kuwa kipimo cha watoto wote mwaka 1992, Ujerumani 1996. Kwenye picha kuna mstari wa kwanza unaofuata ubavu wa mfupa wa nyonga, ulionyooka kwenda juu. Mstari wa pili unaanzia ndani ya kikombe cha nyonga, kwenye ncha ya chini ya mfupa huo, na kugusa paa la mfupa linalofunika kichwa cha mfupa wa paja. Pembe kati ya mistari hiyo miwili ndiyo alfa. Alfa kubwa maana yake paa limeshuka vizuri na kukifunika kichwa. Ikiwa ndogo, ni kama nyumba yenye upenu mfupi, mvua inaingia. Mstari wa tatu unapita kwenye gegedu la ukingoni, na pembe yake ndiyo beta. Beta inapokua, ujue gegedu linasukumwa juu na kichwa kinachotaka kutoka.

Alfa ya digrii 60 kwenda juu ni nyonga iliyokomaa, aina ya I. Kati ya 43 na 49 ni matibabu mara moja, mtoto awe na umri wowote, na beta ikizidi 77 hapo kichwa kimeshaanza kuhama. Chini ya 43 kichwa kimetoka kwenye kikombe. Huko hakuna mtego, kwa sababu daktari mwenyewe atashtuka na atapiga simu hospitali mkiwa bado mmekaa mbele yake.

Mtego uko katikati, kwenye 50 hadi 59.

Nyonga yenye alfa 55 kwa mtoto wa wiki sita inaitwa IIa: changa, inasubiriwa. Nyonga yenye alfa hiyohiyo 55 kwa mtoto aliyepita wiki 12 inaitwa IIb: imechelewa, inatibiwa. Digrii hazijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni kalenda. Ndiyo maana nasema alfa bila umri haina maana, na anayekutajia digrii bila kutaja wiki hajakuambia kitu.

Tena hata hiyo IIa imegawanyika. Mtoto anapozaliwa, alfa inatakiwa iwe angalau 50, na ikifika wiki ya 12 iwe imefika 60. Katikati ya safari, wiki ya sita, inatakiwa 55. Akiwa nayo, ni IIa yenye alama ya kujumlisha: anakomaa kwa mwendo wake, rudini apimwe tena. Akiwa chini yake, ni IIa yenye alama ya kutoa: yuko nyuma ya wenzake, na madaktari wengi wataanza kumvalisha kifaa palepale, au angalau watamwita baada ya wiki chache. Alama hiyo ndogo ya kujumlisha au kutoa ndiyo kitu cha kwanza cha kutafuta kwenye kijitabu. Isipokuwepo, uliza. Wasipojibu, uliza tena.

Sasa kisa chetu. Binti yetu alipimwa akiwa ametimiza wiki sita. Nyonga ya kulia alfa 61, safi kabisa. Ya kushoto alfa 52, na mbele yake pakaandikwa IIa, bila alama. Weka kwenye hesabu ya hapo juu: wiki sita zinadai 55, yeye ana 52. Ni ya kutoa. Daktari akatuandikia rufaa kwenda kwa daktari wa mifupa, na dada wa mapokezi huko, kwa sauti tamu kabisa, akatupa nafasi iliyokuwepo: wiki nane mbele. Sita na nane ni kumi na nne. Wiki ya 12 ingekuwa imepita na mtoto hajaguswa.

Wiki ya 14 akapimwa: alfa 55. Mume wangu akapiga picha karatasi, akaitupa kwenye kundi la familia, na Mbeya nzima ikashangilia. Shangazi akaandika, "Kutoka 52 hadi 55, mtoto anapona, Mungu mkubwa!" Shangazi yangu nampenda, lakini hapo hapakuwa na cha kushangilia. Kwanza, madaktari wawili wakipima nyonga moja wanaweza kutofautiana digrii tatu au nne, kwa hiyo inawezekana hiyo nyonga haikupanda kabisa. Pili, hata tukisema imepanda, wiki nane zilitakiwa ziifikishe 60 na kuzidi. Namba ilipanda lakini nyonga ikashuka daraja, kutoka IIa kwenda IIb. Alivalishwa kifaa cha kukunja mapaja na kuyatanua, usiku na mchana, katika wiki ambazo paa la nyonga limeshapunguza kasi ya kukua. Kasi kubwa iko mwanzoni kabisa. Kila wiki iliyoliwa na foleni ya miadi ilikuwa wiki bora kuliko ile iliyofuata.

Kwa hiyo ukipewa IIa, shika kalenda mwenyewe. Hesabu wiki 12 kutoka siku ya kuzaliwa, uandike tarehe. Usihesabu miezi mitatu kama tunavyohesabu kliniki nyumbani. Miezi mitatu inazidi wiki 12 kwa karibu wiki nzima, na wiki hiyo moja ndiyo inayobadilisha jina. Miadi ya marudio iwe kabla ya tarehe hiyo, na iwe mapema zaidi kama alama ni ya kutoa. Wakikwambia hakuna nafasi, usiseme asante ukakata simu. Rudi kwa daktari wa watoto, mwombe apige yeye. Daktari akipiga, mara nyingi nafasi inapatikana. Njia nyingine ni kumwomba rufaa yenye msimbo wa dharura, kisha upige 116117, wakutafutie daktari mwingine. Mimi nilidhani nchi yenye mashine zote hizi haina foleni ya kujuana. Wanayo, ila wao kujuana kwao ni simu ya daktari kwa daktari.

Ukiona picha yenyewe, itazame pia. Ule mstari mweupe wa ubavu wa mfupa unatakiwa uwe umenyooka. Ukiwa umepinda, mashine ilishikwa kwa kuinama au mtoto aligeuka. Lazima ionekane ncha ya chini ya mfupa ndani ya kikombe, na lile gegedu la ukingoni. Kama nyonga iko mahali pake na kimojawapo hakionekani, picha hiyo haipimwi, hata kama mashine imechora mistari na kutoa namba. Ndiyo sababu nzuri ya kuomba picha mbili kwa kila nyonga: zikipishana sana, mojawapo ilipigwa vibaya.

Hapo ndipo ninapogombana na ndugu wa nyumbani, kwa upendo. Wengi tunapanga kumpeleka mtoto kwa bibi na babu akiwa na miezi mitatu hivi, likizo ya Juni au Julai. Na kila ukoo una binamu mwenye zahanati: "Njooni tu, marudio nitampiga mimi, mashine ipo." Mashine ipo, kweli, lakini ile ya wajawazito ina kichwa cha mviringo, na picha yake inatanuka kama feni. Mistari ya mifupa inapinda, pembe zinadanganya. Kipimo hiki kinataka kichwa kilichonyooka, na mkono uliofundishwa. Msimwonee haya binamu. Kama marudio yanaangukia safarini, sogezeni tiketi.

Jambo la pili ni baridi. Mtu wa Uyole au Makete hahitaji kuelezwa Julai ilivyo, na akina mama zetu wanamfunga mchanga kwenye blanketi miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja, wengine wanainyoosha na kuikanda wakati wa kuogesha. Mama, naomba hiyo iachwe kwa mtoto huyu. Miguu iliyonyooshwa kwa nguvu inakisukuma kichwa kitoke kwenye kikombe. Mpeni mbeleko badala yake: mgongoni, magoti yamekunjwa, mapaja yametanuka pande mbili, ndivyo nyonga inavyotaka. Na kifaa kisivuliwe kwa huruma. Bibi atasema mtoto anateswa. Mtoto akishazoea analala nacho fofofo, anayeteseka ni bibi.

Kiini cha kichwa cha mfupa wa paja huanza kugeuka mfupa kamili mtoto akiwa na miezi minne, mitano au zaidi, na hapo kivuli chake kinaanza kuifunika picha ya ultrasaundi. Baada ya nusu mwaka, wengi wanahamia eksirei ya nyonga, nayo unaweza kupigiwa Mbeya au Iringa bila shida. Nendeni na kijitabu cha njano, au nakala ya ukurasa wa nyonga. Ila mkumbushe anayesoma, na shangazi pia kabla hajaandika kwenye kundi, kwamba pembe ya paa kwenye eksirei inasomwa kinyume na alfa: huko inatakiwa ishuke.