Kabla faili la bango na kadi halijapelekwa kwa mchapaji

Tuseme mkulima wa zabibu wa Hombolo anajiandaa kwa maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni. Anataka bango la fleksi la mita 3 kwa 1 la kufunga mbele ya banda, pamoja na kadi za biashara za milimita 90 kwa 50. Kwa kuwa nembo ni moja na rangi ni zilezile, ni rahisi kushawishika kutengeneza faili moja, kisha kulikuza kwa ajili ya bango. Usifanye hivyo. Kadi husomwa mkononi, bango husomwa na mtu aliyesimama mbali, na hata ukataji wake ni tofauti. Kila kazi iwe na faili lake.

Anza na kadi, maana ndiyo inayodai usahihi zaidi. Kadi hupangwa nyingi kwenye karatasi moja kubwa, karatasi zikawekwa rundo, kisha zikakatwa kwa mashine. Rundo likisogea hata nusu milimita, kadi ambayo rangi yake imeishia hasa kwenye mstari wa kukatia itatoka na uzi mweupe pembeni. Ndiyo sababu ya blidi, yaani rangi ya ziada inayovuka mstari huo kwa milimita 3 kila upande. Kadi yetu basi inachorwa kwa milimita 96 kwa 56, ingawa itabaki 90 kwa 50. Kwa ndani, namba ya simu na nembo vikae walau milimita 4 kutoka kwenye mstari. Fremu nyembamba inayozunguka kadi ni heri uiache kabisa, kwa sababu kisu kikihama kidogo tu, upande mmoja utaonekana mnene kuliko mwingine.

Kosa tunaloliona sana ni la dakika ya mwisho: blidi imewekwa vizuri kwenye kazi, lakini wakati wa kuhifadhi PDF kutoka Illustrator au InDesign mtu hakuweka tiki kwenye `Use Document Bleed Settings`. Faili linamfikia mchapaji likiwa limekatwa sawasawa na kadi, na rangi ya ziada haimo.

Picha ya kadi iwe na pikseli 300 kwa inchi kwa kipimo chake halisi, yaani takriban 1134 kwa 661 pamoja na blidi. Kwenye bango hapo ndipo hesabu inapowachanganya wengi. Bango linalotazamwa kuanzia mita mbili hivi linatosheka na pikseli 72 hadi 100 kwa inchi, lakini kwa kipimo halisi cha mita 3. Wabunifu wengi hufanya kazi kwa moja ya kumi, yaani sentimita 30 kwa 10, wakaandika 300 wakiamini wako salama. Mchapaji akikuza mara kumi, 300 inageuka 30, na majani ya mzabibu yanakuwa vipande vya mraba. Kwa kipimo hicho unahitaji 720 hadi 1000. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi ikabaki na pikseli kama 1600 kwa upande mrefu. Ukiitandaza mita 3 unapata chini ya 14 kwa inchi. Mwombe mteja aitume kama dokumenti, na nembo aitoe kwa faili la vekta, ambalo halipotezi ubora likikuzwa. Muulize mchapaji pia kama pindo la bango litakunjwa kutoka kwenye kazi yako. Kama ndiyo, ongeza sentimita 5 kila upande, na maandishi yasikaribie kona zinapotobolewa matundu ya kamba.

Kisha rangi. Skrini hutumia RGB, ambayo ni mwanga, na mashine hutumia wino wa CMYK. Zambarau ing'aayo ya zabibu haifikiki kwa wino: itatoka imefifia, na bluu kali huelekea zambarau. Badili faili kuwa CMYK mapema, uchague rangi ukiiona ilivyofifia, kisha uombe kipande cha majaribio kwenye karatasi au fleksi ileile. Baadhi ya mashine za mabango hupokea RGB na kubadili zenyewe, kwa hiyo uliza kwanza.

Maandishi madogo meusi kwenye kadi yawe K 100 peke yake, yaani wino mweusi tu bila rangi nyingine. Nyeusi ya RGB ikibadilishwa Photoshop kwa mipangilio ya kawaida hutoka karibu C75 M68 Y67 K90. Wino nne zisipolingana vizuri, herufi za namba ya simu hupata ukungu wa rangi pembeni. Unaweza kuligundua hili kabla ya kulipia: fungua PDF kwenye Acrobat Pro, nenda `Output Preview`, ondoa tiki ya `Process Black`. Maandishi yakitoweka yote, ni sawa. Ikibaki hata alama hafifu ya herufi, rudi ukarekebishe.