Somo: Kuendesha Mac kwa kibodi pekee, bila kipanya

Ninaandika somo hili kwa kuwa nimechoka kuulizwa kwa nini Tab inarukaruka kwenye visanduku vya maandishi na kuvipita vitufe. Sababu ni kwamba Mac, isipobadilishwa, huipeleka Tab kwenye maandishi na orodha tu. Maelezo haya ni ya mfumo wa macOS Ventura na matoleo yaliyofuata.

1. Bonyeza Command na Space, andika System Settings, kisha Return.

2. Fungua Keyboard, uwashe Keyboard navigation. Control na F7 huiwasha na kuizima pia.

3. Ili kufika kwenye menyu za juu, bonyeza Control na F2. Tembea kwa mishale au andika herufi za mwanzo za jina la menyu, kisha Return. Esc hukutoa.

4. Hatua hii ndiyo iliyoniumbua. Katika TextEdit niliandika barua ya kumlalamikia mkuu wangu, nikaghairi, nikabonyeza Command na W. Kidirisha kikaniuliza kama nitaihifadhi. Nikabonyeza Tab hadi mduara wa rangi ukakizunguka kitufe cha Delete, nikabonyeza Return kwa kujiamini, na barua ikahifadhiwa katika folda ambayo ofisi nzima huifungua. Return haibonyezi kitufe chenye mduara, bali kile kilichojazwa rangi, ambacho hapo kilikuwa Save. Kitufe chenye mduara hubonyezwa kwa Space. Basi kabla ya kugusa chochote, tazama mduara uko wapi na rangi iko wapi, kwa maana mara nyingi haviko pamoja. Ukiwa na shaka, bonyeza Esc, ambayo ni sawa na Cancel.

Maswali

Swali: Nikibonyeza Control na F2, mwanga wa skrini unapanda. Mac yangu ni mbovu?

Jibu: Si mbovu. Kwenye kompyuta ya mapajani ongeza Fn, yaani Fn, Control na F2 kwa pamoja.

Swali: Haifanyi kazi.

Jibu: Kipi hakifanyi kazi, katika hatua ipi? Hatua ya pili umeifanya?

Swali: Sikuifanya, nilidhani imewashwa tayari.

Jibu: Nimeandika mwanzoni kabisa kwamba haijawashwa.

Swali: Mkono wangu wa kulia umefungwa plasta, na kuna sehemu za programu ambazo Tab bado haizifikii. Je, kuna njia pana zaidi?

Jibu: Pole sana. Iko: rudi System Settings, ingia Accessibility, kisha Keyboard, uwashe Full Keyboard Access. Hii hufika hata kwenye vitu ambavyo mpangilio wa kwanza huviacha. Shikilia Tab ukibonyeza H, nayo itakuonyesha orodha ya amri zake zote. Tab na Z hufungua vitendo vya kitu ulichokifikia. Kwa kuwa unatumia mkono mmoja, washa pia Sticky Keys katika ukurasa huohuo, ili ubonyeze Control kwanza na F2 baadaye.

Swali: Na viungo vya kurasa katika Safari?

Jibu: Option na Tab.