Jinsi ya kuandika monolojia ya dakika mbili kwa ajili ya usaili wa chuo cha uigizaji

Kabla ya kushika kalamu, soma tangazo la chuo mpaka mwisho. Vyuo vingi vya Ulaya, na baadhi ya huku kwetu, hutaka kipande kutoka tamthilia iliyochapishwa, na ukipeleka ulichoandika mwenyewe umejitoa mapema. Angalia pia kama dakika mbili zinajumuisha kujitambulisha. Mwongozo huu unawahusu wale walioruhusiwa kuandika cha kwao, na nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Zuhura, miaka 20, msusi, amekwenda kudai hela yake ya mchezo.

Hatua ya 1: Pima urefu kwa Kiswahili

Mitandaoni utakuta ushauri wa maneno 250 hadi 300 kwa dakika mbili. Hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Neno letu moja kama "nisingekuambia" limebeba sentensi nzima na silabi saba, kwa hiyo maneno 300 ya Kiswahili yatakupeleka karibu dakika tatu, na jopo litakukatisha kabla hujafika kwenye sehemu uliyoitegemea. Lenga maneno 150 hadi 170. Ukiyasema bila haraka, ukaacha na nafasi ya kunyamaza, utamaliza kwenye dakika 1 na sekunde 40 hivi. Sekunde zinazobaki ziache, maana siku ya usaili mwili una woga na ukimya unarefuka au unafupika bila ridhaa yako.

Hatua ya 2: Tafuta mtu wa kusemeshwa na kitu cha kudai

Hapa ndipo miswada mingi ninayoletewa inapokufa. Mhusika anasimama katikati ya jukwaa anahadithia maisha yake: nilizaliwa, baba akafariki, nikateseka. Machozi yapo, lakini hakuna anayeambiwa na hakuna kinachotakiwa. Msaili anataka kuona unavyofanya kazi na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni kiti kitupu.

Basi jiulize: anasema na nani, na mtu huyo ana nini cha kumpa au kumnyima leo hii? Zuhura anasema na Mama Semeni, kijumbe wa mchezo. Wako watu kumi, kila mmoja anatoa elfu ishirini kwa wiki, na wiki ya saba ni zamu ya Zuhura kupokea laki mbili. Anataka kununua draya ya saluni. Mwenye draya anamsubiri Kariakoo mpaka saa kumi. Ona jinsi saa hiyo inavyosaidia: bila saa kumi angeweza kurudi kesho, na kama anaweza kurudi kesho hakuna sababu ya sisi kumtazama leo.

Chagua mhusika wa umri wako au unaokaribiana nao. Kijana wa miaka 19 anayeigiza bibi mwenye mkongojo hutumia dakika zote mbili kuonyesha mgongo uliopinda.

Hatua ya 3: Ingia ugomvi ukiwa umeshaanza

Rasimu ya kwanza ya wengi huanza hivi: "Mama Semeni, kama unavyojua, mimi ni mwanachama wa mchezo huu tangu ulipoanza…" Kama Mama Semeni anajua, kwa nini aambiwe? Hayo ni maelezo ya mtazamaji yaliyotiwa mdomoni mwa mhusika, na sikio linayashika mara moja.

Sentensi ya kwanza ifanye kitu. Zuhura ninamwanzisha hivi: "Shikamoo yako nitaitoa nikishahesabu hela yangu, Mama Semeni." Binti wa miaka 20 ameingia nyumba ya mtu mzima akagoma kumwamkia. Hakuna mtazamaji wa huku atakayehitaji kuelezwa kuwa hali imeharibika, na tayari tumejua nani mkubwa, nani mdogo, na ugomvi ni wa nini.

Hatua ya 4: Weka mgeuko, na uuweke kwenye macho

Dakika mbili za hasira tupu zinachosha, hata zikiigizwa vizuri. Karibu na katikati lazima mhusika ajue jambo ambalo hakulijua alipoingia, na jambo hilo libadilishe anachotaka. Usiridhike na kubadilisha hisia tu. Akianza na hasira akamalizia na kilio huku bado anadai kilekile, hakuna kilichogeuka.

Sasa, habari hiyo mpya inamfikiaje, na msemaji ni mmoja? Njia rahisi, na mbaya, ni kumrudia yule asiyeonekana: "Unasemaje? Eti kachukua mama? Mama yangu mimi?" Inasikika kama mtu anayeongea na simu mbovu. Mpe mhusika kitu cha kuona. Kijumbe ana daftari, na katika daftari kuna sahihi za waliopokea. Zuhura anasoma jina lake, anasoma tarehe, halafu anaitambua sahihi. Mtazamaji anamwona akitambua, na hapo mwigizaji ana kazi ya kufanya kimyakimya, jambo ambalo wasaili hulipenda kuliko maneno.

Baada ya mgeuko huo, Zuhura hadai tena laki mbili. Anataka Mama Semeni afunge mdomo.

Hatua ya 5: Andika yote kwa mkupuo mmoja, kisha kata

Hii hapa ilivyotoka baada ya kukatwa. Ni maneno 158.

*Shikamoo yako nitaitoa nikishahesabu hela yangu, Mama Semeni. Usisimame. Chai nimekunywa. Wiki ya saba ya nani? Sema. Wiki ya kwanza kapokea Mama Juma, nikatoa. Ya pili kapokea Asha, nikatoa, na wiki hiyo sikuwa nimesuka hata kichwa kimoja. Elfu ishirini yako haijawahi kulala kwangu. Sasa mwenye draya ananisubiri Kariakoo mpaka saa kumi, na wewe unaniangalia miguu.*

*Daftari la nini? Mimi nimefuata hela. Haya, lete. Wiki ya saba. Zuhura. Laki mbili. Imepokelewa Ijumaa. Imepokelewa na nani? Mimi Ijumaa nilikuwa saluni mpaka usiku, na hii sahihi siyo…*

*Hii sahihi naijua. Imo kwenye ripoti zangu zote za shule, chini kabisa, pale anaposaini mzazi.*

*Ijumaa. Ijumaa ndiyo Saidi katoka polisi. Mama akasema wamemwachia tu, Mungu mkubwa, akapika pilau. Nikala. Nikaongeza.*

*Alikaa wapi? Hapa? Alikaa hapa akakuomba? Hapana, usiniambie alivyosema.*

*Mama Semeni, nisikilize. Mimi leo sikuja. Daftari sijaliona. Akikuuliza, mwambie Zuhura kaomba mwenyewe zamu yake isogezwe. Ukimwambia nimejua, kuanzia kesho ataniamkia yeye. Na mchezo ujao niandike. Namba ya mwisho, sijali. Andika nione.*

*Asante.*

*Shikamoo.*

Angalia kilichokatwa. Saidi ni nani hasa, na alikamatwa kwa kosa gani? Rasimu ndefu ilikuwa na aya nzima kuhusu kaka huyu na pikipiki. Niliitoa kwa sababu Zuhura na Mama Semeni wote wanamjua, na mtazamaji akishapata "polisi", "Ijumaa" na sahihi ya mzazi anaunganisha mwenyewe. Ilikuwapo pia sentensi "Moyo wangu umepasuka vipandevipande." Sentensi inayotaja hisia inamnyang'anya mwigizaji kazi yake, kwa hiyo popote unapoikuta, itafutie tendo. "Nikala. Nikaongeza" ni maneno mawili tu, lakini mwigizaji anaweza kukaa humo sekunde tano. Shikamoo ya mwisho nayo siyo pambo: deni la sentensi ya kwanza limelipwa, na sasa linalipwa na mtu asiyepokea hata shilingi.

Katika karatasi ya kuigizia usijiandikie "kwa hasira" au "akilia". Ukishaandika "akilia", siku ya usaili utahangaika kutafuta machozi badala ya kumsikiliza Mama Semeni. Maelekezo ya matendo nayo yawe machache. Daftari hapa haliingii na mwigizaji. Mikono inatosha, kwa sababu vyumba vingi vya usaili vina kiti kimoja na basi.

Hatua ya 6: Ipime kwa sauti na kwa mtu

Isome ukiwa umesimama, simu ikirekodi, mara ya kwanza bila kuigiza. Ulimi ukijikwaa mahali palepale mara mbili, sentensi ndiyo yenye kasoro, ibadilishe. Kisha iigize na ukimya wake wote, uangalie saa. Ikivuka dakika 1 na sekunde 50, kata kabla ya mgeuko. Huko mwanzoni ndiko kwenye mafuta. Nilipoukata muswada wa Zuhura, wiki ya tatu, ya nne na ya tano za mchezo ziliondoka bila mtu kuzikosa.

Halafu mkalishe rafiki mbele yako awe Mama Semeni, asiseme kitu. Mwambie ainue mkono kila anapohisi kwamba angetaka kujibu. Mkono usipoinuka kwa sentensi tano mfululizo, umeanza kuhadithia, na hapo ndipo pa kurekebisha. Ukimaliza muulize swali moja tu: ungekubali kumficha mama yake? Akikuambia "umeigiza vizuri sana", hajajibu swali, na huenda maandishi hayakumfikia.

Chuoni, kiti cha Mama Semeni usikiweke pale walipo wasaili. Wanaandika, wanakunywa maji, wanaangalia fomu, na ukimsemesha mmoja wao unamlazimisha kuigiza nawe. Mkalishe Mama Semeni pembeni yao kidogo, mbele, ili uso wako uonekane. Kwa sababu hiyo maandishi yasikuhitaji kusema na watu watatu waliokaa sehemu tofauti. Mmoja anatosha kwa dakika mbili.

Jaribio la mwisho ni lile ambalo wasaili wengi hulifanya wenyewe: wanakuomba urudie kwa namna nyingine. Fanya tena, lakini mume wa Mama Semeni amelala chumba cha pili. Au fanya tena ukiwa unampenda sana huyu mama, ndiye aliyekulea. Jaribu yote mawili nyumbani. Zuhura akinong'ona, "Usisimame" inakuwa ombi na "Andika nione" inakuwa tishio, na hakuna neno lililobadilishwa. Yako ikivunjika ukiinong'oneza, tafuta sentensi zilizokuwa zinategemea kelele, uziandike upya.