Mpitishe mfanyakazi mmoja kwenye sera nzima

Ukipewa sera ya kazini uikague, buni mfanyakazi mmoja, mpe siku na saa, kisha mpitishe kwenye kila kifungu kinachomgusa. Juzi nilimchukua mlinzi wa usiku aliyeugua saa nane usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, akiwa lindoni. Kifungu kimoja kilimtaka atoe taarifa "mapema iwezekanavyo", kingine "kabla ya zamu kuanza", na cheti cha daktari kifike utumishi ndani ya siku 2, wakati ofisi hiyo hufungwa Jumamosi na Jumapili. Angepewa onyo kwa kosa asiloweza kuliepuka! Vifungu vilivyo kurasa tofauti havionekani kugongana mpaka vimkute mtu mmoja, siku moja. Kwa kila sharti uliza pia: nani ataona limevunjwa, na ataandika wapi? Lisilo na jibu halitekelezeki. Njia hii haikamati sera inayojipatanisha yenyewe lakini inakiuka sheria ya nchi. Tanzania, kwa mfano, likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili; sera ikiandika 30, mlinzi wako wa kubuni hatakushtua.