Kupokea yuro ukiwa Malindi: hatua kwa hatua hadi shilingi ziingie akaunti

Mwongozo huu ni wa wanaofanya kazi za mtandaoni hapa Malindi kwa wateja walioko Ulaya, hasa Italia: kutengeneza tovuti za nyumba za wageni, kutafsiri, kuhariri picha, kujibu barua pepe za wapangaji. Ankara inasema yuro 800, mteja ana risiti ya yuro 800, na akaunti yako imepokea pungufu. Hakuna aliyekuibia. Pesa zimekatwa njiani, na sehemu kubwa ya makato hayo haikuandikwa mahali popote kwamba ni ada.

Kujiandikisha kwenye huduma hizi na kuandika ankara sivielezi. Ninachoeleza ni kuchagua njia, kisha ile hatua inayopoteza siku za watu wengi, yaani uhamisho wa benki kwa benki.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya shilingi zitakazofika, achana na ada iliyotangazwa

Tafuta kiwango cha soko cha siku hiyo. Benki Kuu ya Kenya huchapisha kiwango cha wastani kwenye tovuti yake kila siku ya kazi. Kwa urahisi wa hesabu tuseme yuro moja ni shilingi 150 na dola moja ni shilingi 129. Yuro 800 ni shilingi 120,000. Hiyo 120,000 ndiyo kipimo chako, na kila njia utaipima kwa umbali wake kutoka hapo. Makato ninayotumia hapa chini ni ya mfano tu, kwa hiyo weka yale unayoyaona kwenye skrini yako.

Njia ya kwanza ni uhamisho wa benki. Benki ya njiani, yaani ile inayopitisha pesa kati ya benki ya mteja na yako, inakata yuro 15, zinafika 785. Benki yako inazinunua kwa shilingi 146, inapatikana 114,610. Inatoa ada ya kupokea, tuseme shilingi 1,000, unabaki na 113,610.

Njia ya pili ni huduma ya kutuma pesa kama Wise, ambapo mteja analipa kwa yuro na wewe unapokea shilingi. Ada ni yuro 10 na kiwango ni kile cha soko. Yuro 790 mara 150 ni shilingi 118,500.

Njia ya tatu ni PayPal. Tuseme ada ya kupokea kutoka nje ni asilimia 5, unabaki na yuro 760. Ukizigeuza kuwa dola kwa kiwango kilichopunguzwa asilimia 3 unapata kama dola 857. Ukizitoa kwa shilingi, kiwango kinapunguzwa tena asilimia 3. Mwisho wa safari una kama shilingi 107,260.

Kati ya njia ya pili na ya tatu kuna zaidi ya shilingi 11,000 kwa ankara moja tu. Tatizo la ile ya tatu ni kwamba pesa zimegeuzwa mara mbili, yuro kwenda dola, dola kwenda shilingi, na kila mgeuzo una tozo yake ndani ya kiwango. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ada ni ngapi, uliza pesa zitageuzwa mara ngapi. Mteja wa Italia anayepata mapato kwa yuro usimwandikie ankara ya dola kwa sababu tu umezoea dola. Benki yake itauza yuro inunue dola, benki yako itanunua dola ikupe shilingi, na nyote wawili mtakuwa mmepunjwa.

Hatua ya 2: Chagua njia

Pendekezo langu liko wazi. Kwa ankara za kawaida za kazi hizi, mwombe mteja atume kwa huduma inayoonyesha kiwango cha soko na ada kando, na pesa ziingie moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki kwa shilingi. PayPal iache kwa mteja ambaye hana njia nyingine, na bei yako iwe imezingatia makato hayo tangu mwanzo.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, baadhi ya huduma za kutuma pesa ni za kutumiana jamaa na marafiki, na masharti yake hayaruhusu malipo ya kazi. Mteja akiandika “ankara” kwenye sababu ya malipo, muamala unaweza kusimamishwa. Asidanganye sababu. Atumie huduma inayokubali malipo ya kazi. Ya pili, M-Pesa hupokea hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na salio haliruhusiwi kuzidi 500,000. Ankara ya yuro 3,000 haipiti hapo kwa mara moja. Kwa kiasi kama hicho mpe mteja namba ya benki.

Payoneer inafaa pale ambapo kampuni inakubali kulipa ndani ya Ulaya tu. Hukupa namba ya kupokelea yuro yenye IBAN, yaani namba ya akaunti ya muundo unaotumiwa na benki za Ulaya, kampuni inalipa kama inavyolipa jirani yake, kisha wewe unahamishia benki ya Kenya. Tozo kubwa iko kwenye kugeuza sarafu wakati wa kutoa, kwa hiyo pima kwa ile hesabu ya Hatua ya 1. Namba hizo ni za malipo ya kampuni. Mtu binafsi akikulipa kupitia hapo, malipo yanaweza kurudishwa.

Hatua ya 3: Mteja akisisitiza uhamisho wa benki

Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kikwazo cha kwanza ni IBAN. Fomu ya benki ya Italia itaidai, na Kenya haitumii IBAN. Usiende kwenye tovuti inayodai kukutengenezea moja. Namba hiyo haipo, na malipo yatakataliwa au yatapotelea kwenye uchunguzi. Fomu inadai IBAN kwa sababu mteja amefungua ukurasa wa malipo ya ndani ya Ulaya. Mwambie atafute uhamisho wa nje, ambao kwenye skrini yake huenda umeandikwa `bonifico estero` au `extra SEPA`. Huko ataruhusiwa kuweka namba ya akaunti ya kawaida pamoja na msimbo wa SWIFT, unaotambulisha benki yako. Kama programu ya simu haina ukurasa huo, itabidi aende tawini au apige simu benki yake.

Mtumie maelezo haya kwa maandishi, ayanakili bila kuyachapa upya:

```
Beneficiary: MAJINA KAMA YALIVYO KWENYE AKAUNTI
Account no.: namba kamili
SWIFT/BIC: EQBLKENA
Bank: Equity Bank Kenya
Currency: EUR
Charges: OUR
Reference: Invoice 014
```

Msimbo huo ni wa Equity. Wa KCB ni `KCBLKENX`. Msimbo una herufi 8 au 11, na ya tano na ya sita lazima ziwe KE. Ukiona herufi nyingine hapo, umenakili wa nchi nyingine.

Jina ndilo linalorudisha pesa nyingi. Akaunti ikiwa na majina matatu na mteja akaandika mawili, au akaandika jina la biashara yako ambalo benki hailijui, malipo husimamishwa hadi utoe maelezo, au hurudi. Yakirudi, hurudi yakiwa yamekatwa ada ya kwenda na ya kurudi. Hata jina la ukurasa wako wa kazi mtandaoni lilinganishe na la kitambulisho.

Sarafu ya akaunti ni jambo la pili. Yuro zikiingia kwenye akaunti ya shilingi, benki huzigeuza yenyewe kwa bei ya ubaoni bila kukuuliza. Ukiwa na akaunti ya yuro, zinakaa kama zilivyo hadi utakapoamua kuziuza. Omba bei kabla ya kuuza. Kwa kiasi kikubwa, afisa wa tawi anaweza kupiga simu kwa wanaouza fedha za kigeni makao makuu na kukupatia bei bora kuliko ya ubaoni. Ukisoma ubao, bei inayokuhusu ni ya kununua, ile ndogo, kwa sababu benki ndiyo inayonunua kutoka kwako. Kabla ya kufungua akaunti hiyo uliza ada ya mwezi na salio la chini kabisa. Kwa anayelipwa mara mbili kwa mwaka, ada hizo hula faida yote.

Kisha lile neno `OUR`. Kwenye fomu mteja atachagua nani analipa ada. `OUR` maana yake mtumaji analipa zote, `SHA` kila mmoja analipa za upande wake, na `BEN` zote zinakatwa kwako. Asipochagua, mara nyingi fomu imeshaweka `SHA`, na benki ya njiani inachukua chake kutoka kwenye pesa zako. `OUR` humgharimu mteja zaidi, kwa hiyo kubalianeni kabla ya ankara. Pia haizuii ada ya benki yako mwenyewe ya kupokea.

Hatua ya 4: Zimefika pungufu, nani amekata?

Mwombe mteja nakala ya uthibitisho wa malipo kutoka benki yake, ambayo wengi huiita MT103. Tazama sehemu tatu. `33B` ni kiasi alichoagiza kitumwe, `32A` ni kiasi kilichopita kati ya benki, na `71A` ni ule uchaguzi wa ada. Kwenye nakala za muundo mpya uchaguzi huo huandikwa `DEBT` badala ya OUR, `SHAR` badala ya SHA, na `CRED` badala ya BEN.

`33B` ikiwa 800 na `71A` ikiwa SHA, lakini taarifa ya akaunti yako ya yuro inaonyesha 785, zimekatwa njiani, na dawa ni OUR kwa ankara ijayo. Ikiwa zimeingia 800 kamili na shilingi ndizo chache, tatizo ni bei ya benki yako, na hapo mteja hahusiki. Msimlaumu bure.

Zisipoonekana kabisa baada ya siku tano za kazi, tafuta kwenye nakala hiyo namba iitwayo `UETR`, yenye herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari. Peleka namba hiyo tawini, au tuma kwa barua pepe ya benki. Kwa namba hiyo wanaweza kuona pesa zimesimama benki ipi. Bila hiyo utaambiwa usubiri tu. Kumbuka pia kwamba malipo yaliyotumwa Ijumaa jioni hayaanzi kusogea hadi Jumatatu.

Hatua ya 5: Kumbukumbu

Kwa kila malipo hifadhi ankara, uthibitisho wa mteja na taarifa ya benki katika faili moja. Andika kando tarehe, yuro zilizoagizwa, kiwango kilichotumika, makato, na shilingi zilizoingia. Mapato na makato viandike mbalimbali, maana mapato ya kutangaza kwa KRA ni ile ankara ya yuro 800 ikigeuzwa shilingi, si yale 113,610 yaliyobaki baada ya benki kukata.