Alama 1-3s haihusu sekunde
Unapotafsiri mwongozo wa mashine ya kupima damu, ukikuta alama 1-3s katika sura ya udhibiti wa ubora, usiandike "sekunde 1 hadi 3", kosa ambalo ni rahisi kulifanya kwa kuwa sura nyingine zimejaa muda wa kusubiri. Maana yake ni kwamba kipimo 1 cha kontroli, yaani sampuli ya kukagua mashine ambayo thamani yake inajulikana, kimeachana na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 3. Kontroli ya glukosi yenye wastani wa 5.0 na mkengeuko wa 0.1 ikisoma 5.4, alama hiyo hutokea, na majibu ya wagonjwa hayapaswi kutolewa kabla chanzo hakijajulikana. Iache alama hiyo kama inavyosomeka kwenye skrini, kisha uieleze kwa maneno inapotokea mara ya kwanza.